Kupanga upya orodha ya kazi iliyotapakaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifano yote hapa chini inatoka kwenye orodha moja: ya dada yangu mwenye karakana ya ushonaji Morogoro. Mimi ndiye ninayemtunzia hesabu. Jumatatu ya 3 Juni 2024 tulikaa chini saa mbili asubuhi, kabla mafundi hawajafungua, tukaipanga upya orodha yake yote. Alikuwa na oda za Idi, nyumba anayoijenga, ukatibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na watoto wawili wa shule. Maswali ni yale aliyoniuliza yeye siku hiyo, pamoja na ambayo wengine wameniuliza baada ya kuona daftari lake jipya.

Kazi zangu zimeandikwa sehemu tano tofauti. Nianzie wapi?

Anza kwa kuzikusanya tu, bila kupanga chochote. Ukianza kupanga huku bado unakusanya, utajikuta umetumia nusu saa ukipamba kazi kumi za kwanza, na zile nyingine zinabaki zilipo.

Kwa dada, sehemu zilikuwa hizi: daftari la oda, jumbe alizojitumia mwenyewe WhatsApp, karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya cherehani, jumbe za wateja alizoziwekea nyota, na kichwa chake. Tulipita sehemu moja baada ya nyingine, kila kazi ikapata mstari wake kwenye karatasi moja. Zikafika 41. Cha kichwani tulikiacha mwisho kwa makusudi, maana ukishaona yaliyoandikwa ndipo unakumbuka yasiyoandikwa. Kazi sita zilitoka huko, na moja ilikuwa nzito kuliko nyingi zilizoandikwa: ankara ya mashine ya kudarizi aliyokuwa hajailipa.

Sehemu ya zamani ukishaipitia, ifunge. Ng'oa karatasi ya ukutani, ondoa nyota kwenye jumbe, piga mstari chini ya ukurasa wa daftari. Usipofanya hivyo, wiki ijayo utakuwa na sehemu sita badala ya tano.

Kati ya kundi, tarehe na kipaumbele, nianze na kipi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na wengi huanza kinyume: wanashika kalamu nyekundu na kuweka alama kwenye "muhimu". Mimi naanza na kundi, kisha tarehe, kipaumbele mwisho. Sababu ni kwamba kila kimoja kinajibu jambo lake. Kundi linakuonyesha kilichojirudia na kilichosahaulika. Tarehe inakuonyesha lini uanze. Kipaumbele kinaamua ipi iachwe pale ambapo siku hazitoshi. Huwezi kuamua ipi iachwe kabla hujajua siku zinatosha au hazitoshi.

Tulipoziweka kazi 41 kwenye makundi ndipo tulipoona kwamba "kodi" ya WhatsApp, "TRA" ya daftarini na "namba ya malipo" ya ukutani ni kazi moja: kulipa awamu ya pili ya kodi ya makadirio, ambayo mwisho wake ni 30 Juni. Ilikuwa imemkaba mara tatu kwa jambo moja. Marudio ya namna hiyo yalikuwa saba. Kazi tatu zilikuwa zimeshafanyika, na mbili zimepitwa na wakati kabisa, mfano oda ambayo mteja aliipeleka kwingine. Zikabaki 29. Kama tungeanza na kalamu nyekundu, kodi ingepata alama tatu.

Makundi yawe mangapi, na niyapateje?

Manne au matano yanamtosha mtu mwenye biashara na familia. Usiyabuni kabla, yatazame yanavyojitokeza kwenye orodha yenyewe. Kwa dada yalitoka manne: Karakana (kazi 14), Nyumba (6), Kikundi (4) na Familia (5).

Alitaka pia kundi la "Simu za kupiga" na lingine la "Mengineyo". La simu nilimkatalia. Simu kwa fundi wa kupaua na simu kwa mteja wa kanzu hazina uhusiano wowote zaidi ya chombo kinachotumika. Ukiziweka pamoja, ukitazama kundi la Nyumba utadhani nyumba haina kazi inayosubiri, kumbe ipo imejificha kwenye simu. La "Mengineyo" nalo ni hatari: kila kazi usiyopenda kuifikiria itakimbilia humo. Ukiona kazi haina kundi, jiulize ikimalizika nani atafaidika. Jibu hukupeleka kwenye kundi lake.

Na kazi inayogusa makundi mawili? Dada alitakiwa kuchukua mkopo wake wa kikundi ili anunue bati. Tuliigawa: "kupeleka fomu ya mkopo" ikakaa Kikundi, "kulipia bati" ikakaa Nyumba, na mbele ya ya pili tukaandika "baada ya mkopo". Kazi moja ikae kundi moja tu. Ukiiandika pande mbili, siku moja utaifuta upande mmoja na ule mwingine utaendelea kukudai.

Nimeandika "Nyumba" kama kazi, na kila siku naivuka bila kuifanya. Kwa nini?

Kwa sababu nyumba ni mradi. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akafanya nyumba. Kipimo changu ni rahisi: ukisoma mstari ule, mkono wako unajua ushike nini? "Nyumba" mkono haujui. "Kumpigia fundi wa kupaua aje apime kenchi" mkono unajua ushike simu.

Mstari wa "Nyumba" ulipofunguliwa ulizaa kazi sita: kumpigia fundi, kupata makisio ya mbao, kupeleka fomu ya mkopo (hiyo ikahamia Kikundi, na mahali pake ikaja kuuliza bei ya usafiri), kulipia bati za geji 28, kukagua mbao kama zimepigwa dawa, na kulipa mafundi awamu ya kwanza. Jina la mradi halikupotea. Lilipanda juu likawa jina la kundi. Huna haja ya kuandika hatua zote hadi mwisho. Inayofuata na chache baada yake zinatosha, maana hatua ya kumi itabadilika kabla hujaifikia.

Kazi nyingi hazina tarehe ya mwisho. Nizipe?

Usizipe tarehe ya uongo. Ukiandika "Ijumaa" kwenye kazi ambayo Ijumaa ikipita hakuna kinachotokea, utajifundisha kwamba tarehe za orodha yako zinaweza kupita tu. Baada ya wiki mbili hata tarehe ya kodi utaitazama kwa macho hayo hayo.

Ninatenganisha aina tatu. Kuna tarehe ya nje, iliyowekwa na mtu au sheria: 30 Juni ya kodi, Alhamisi ya kanzu. Kuna tarehe iliyojificha, ambayo hakuna aliyeiandika lakini ipo. Na kuna kazi zisizo na tarehe kweli; hizo ziache wazi.

Iliyojificha ndiyo inayostahili dakika zako. Kupaua nyumba ya dada hakukuwa na tarehe, na kwa sababu hiyo kulikuwa kunasukumwa tangu Januari. Nilimuuliza, "Nyumba ikikaa bila bati, lini itaanza kuumia?" Akafikiri, akasema, "Mvua za vuli." Morogoro vuli huanza kuonekana kuanzia Oktoba. Kenchi zikinyeshewa mbao hupinda, na tofali za juu huanza kulainika. Basi kupaua kukapata mwisho: 30 Septemba. Tarehe hiyo imetoka mawinguni, hakuibuni mtu.

Nimeweka tarehe za mwisho, lakini bado nachelewa. Nakosea wapi?

Pengine unatazama tarehe ya kumaliza peke yake. Inayokusaidia asubuhi ni tarehe ya kuanza. Kazi ya siku nne inayotakiwa Ijumaa na kazi ya nusu saa inayotakiwa Ijumaa zinaonekana sawa ukitazama mwisho, ingawa ya kwanza ilipaswa kuanza jana.

Kwa hiyo kila kazi yenye tarehe iandikie pia muda inaochukua, kisha rudi nyuma. Kanzu tatu zinachukua siku tatu za kazi na zinatakiwa Alhamisi ya 13 Juni. Zianze kushonwa Jumatatu ya 10, zitoke Jumatano jioni, Alhamisi ibaki ya kupiga pasi na kukabidhi. Kumbuka kuhesabu siku unazofanya kazi kweli. Karakana ya dada inafanya kazi Jumamosi, Jumapili hapana.

Ugumu uko kwenye kukadiria muda. Watu hukadiria wakiwa na picha ya kila kitu kwenda vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watatumia siku ngapi. Kwa wastani walisema takriban 34, wakatumia takriban 55. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuacha kukadiria na kutazama zilizopita. Tulifungua daftari la oda tukatafuta mara tatu za mwisho aliposhona sare za kundi. Alikuwa akisema siku tatu. Daftari lilisema nne, tano, na sita. Tukaandika tano.

Kodi ilikuwa na mtego wake pia: 30 Juni 2024 ni Jumapili. Ukisubiri siku ya mwisho na mtandao wa malipo ukasumbua, hakuna dirisha la benki la kukimbilia. Tuliandika Jumatano ya 26.

Niandikeje saa?

Naliweka hili peke yake kwa sababu limewagharimu watu miadi. Sisi tunaposema saa nne asubuhi, simu inataka 10:00. Dada alikuwa ameandika "saa 4 fundi" daftarini, kisha akaweka kengele ya simu 4:00. Ikamlilia saa kumi alfajiri, akaizima, na saa nne yenyewe ikapita kimya.

Chagua namna moja kwa orodha nzima. Kama orodha iko kwenye simu, andika kwa saa za simu zenye tarakimu nne, mfano 10:00 au 16:30. Kama iko daftarini, andika saa za Kiswahili na sehemu ya siku: "saa 4 asubuhi". Kosa huingia pale unapoandika "saa 4" peke yake.

Nikianza kuweka vipaumbele, kila kitu kinakuwa A. Nifanyeje?

Mara ya kwanza dada aliweka A kwenye kazi 17 kati ya 29. Nilimwelewa, maana ukiulizwa "hii ni muhimu?" utajibu ndiyo, isingekuwa muhimu usingeiandika. Basi swali libadilishwe. Chukua kazi mbili, uziweke kando kwa kando, ujiulize: ikibidi moja ishindikane wiki hii, naitoa ipi? Hapo jibu hutoka, hata kama linauma. Iliyobaki ilinganishe na nyingine, na nyingine.

Wakati wa kulinganisha natazama mambo mawili. La kwanza ni kama madhara yanarekebishika. Gauni la msimamizi wa harusi likichelewa siku moja, harusi imekwisha, hakuna kurudi nyuma. Mapazia ya ofisi yakichelewa siku moja, utaomba radhi na mambo yataendelea. La pili ni kama kuna mtu au kazi nyingine imekwama ikisubiri hii. "Kumpigia fundi wa kupaua" ni dakika tano tu, lakini nyuma yake zilikuwa zimepanga foleni mbao, bati na mafundi. Ikapanda juu ya kazi nyingi zilizoonekana kubwa kuliko yenyewe.

Baada ya kulinganisha, A zilibaki sita. B zikawa kumi na tatu, C kumi. Tulikubaliana pia kwamba A ikiongezeka lazima nyingine ishuke. Bila sharti hilo, baada ya wiki mbili tungerudi kwenye 17.

Angalizo moja: kelele ya mteja haibadilishi herufi. Mteja anayepiga simu mara nne kwa siku anakufanya uone kazi yake ni A. Rudi kwenye maswali yale mawili ndipo uamue.

Tarehe zote zinagongana na siku hazitoshi. Nianze na ipi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo orodha nyingi huvunjika.

Oda tano za karakana zilitakiwa kabla ya Idi. Kuanzia Jumatatu ya 3 hadi Ijumaa ya 14 Juni kulikuwa na siku 11 za kazi. Zikipangwa kwa tarehe ya mwisho zilikuwa hivi:

1. Magauni ya wasimamizi wa harusi: siku 2, yatoke kufikia siku ya 3 (Jumatano 5).
2. Sare za kwaya: siku 5, zitoke kufikia siku ya 6 (Jumamosi 8).
3. Kanzu tatu: siku 3, zitoke kufikia siku ya 10 (Alhamisi 13).
4. Mapazia ya ofisi: siku 4, yatoke kufikia siku ya 10.
5. Gauni la kitenge: siku 2, litoke kufikia siku ya 11 (Ijumaa 14).

Jumla ni siku 16, na zilizopo ni 11. Tazama kinachotokea ukifuata tarehe tu na kujikaza. Magauni yanatoka siku ya 2, vizuri. Sare zinatoka siku ya 7, zimechelewa moja. Kanzu zinatoka siku ya 10, zimegusa mstari. Mapazia yanatoka siku ya 14, na gauni siku ya 16. Wateja watatu wamekasirika, na wawili kati yao kwa sababu ya sare za kwaya zilizokuwa mbele yao.

Wanaopanga kazi za viwandani wana kanuni ya hali hii, iliyochapishwa mwaka 1968 na Moore, na mtu yeyote anaweza kuitumia kwa penseli. Panga kazi kwa tarehe ya mwisho. Anza kuzijumlisha muda moja moja. Ukifika kwenye kazi inayochelewa, tazama kazi zote ulizokwisha kuzijumlisha pamoja na hiyo, uitoe iliyo ndefu kuliko zote. Endelea. Ulizozitoa zinakaa mwisho. Kanuni hii inahakikisha idadi ya kazi zinazochelewa ni ndogo kadiri inavyowezekana.

Tukaifuata. Magauni: siku 2, sawa. Sare: jumla 7, inavuka 6, basi tunatoa ndefu kati ya mbili hizo, nayo ni sare zenyewe. Jumla inarudi 2. Kanzu: 5, sawa. Mapazia: 9, sawa. Gauni la kitenge: 11, sawa. Wanne wanapata kwa wakati, mmoja anachelewa. Ajabu yake ni kwamba kazi iliyotolewa ndiyo ya pili kwa haraka kwenye orodha, na bila kuhesabu dada asingeigusa.

Kuitoa hakumaanishi kunyamaza. Saa tatu asubuhi ile ile, siku tano kabla ya tarehe, dada alimpigia mwenyekiti wa kwaya. "Shikamoo mama. Nimekaa na hesabu zangu, naona sare nitakuchelewesha. Naomba niseme leo kuliko kukuambia Jumamosi." Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Marahaba mwanangu. Basi lini?" Dada alikuwa na jibu tayari, kwa sababu siku ya 11 zingemalizika oda nyingine zote. Sare zingeanza Jumamosi ya 15, karakana ingefungwa Jumatatu ya Idi, na zingetoka Ijumaa ya 21. "Jumapili ya 23 mtaimba nazo." Mama akakubali.

Kanuni hii ina mpaka wake. Inahesabu kila mteja sawa. Kama kwaya ndiyo inayokulisha mwaka mzima, kuitoa kwa sababu tu ni ndefu kunaweza kukugharimu zaidi ya kuchelewesha oda nyingine mbili pamoja. Hapo ndipo herufi zako A, B na C zinapofanya kazi: ikiwa kanuni inatoa A, jaribu kutoa B moja au mbili mahali pake, uone kama A inapona. Sare zilikuwa B, kwa hiyo hatukuwa na ubishi.

Nitumie daftari au simu?

Daftari linatosha kama kazi zako hazifiki 30 na tarehe hazibadilikibadiliki. Tumia kaunta buku, ukurasa mmoja kwa kila kundi, na ukurasa wa mwisho uwe wa wiki hii. Kila Jumatatu unachota kutoka kurasa za makundi kwenda ukurasa wa wiki. Udhaifu wake ni kwamba tarehe ikisogea lazima uandike upya.

Dada alichagua Google Sheets kwa sababu fundi wake mkuu anaiona pia kwenye simu yake. Safu ziko saba: A kazi, B kundi, C mwisho, D siku inazochukua, E kuanza, F kipaumbele, G hali. Safu ya E haiandikwi kwa mkono. Kwenye E2 weka hii, kisha ivute hadi chini:

```
=IF(OR(C2="",D2=""),"",WORKDAY.INTL(C2,-D2,11))
```

Namba 11 inaiambia kwamba siku ya mapumziko ni Jumapili peke yake. Kama hufanyi kazi Jumamosi wala Jumapili, weka 1. Kisha kwenye karatasi ya pili, iliyobaki tupu, weka hii kwenye A2:

```
=SORT(FILTER(Sheet1!A2:G60,Sheet1!A2:A60<>"",Sheet1!G2:G60<>"imekwisha"),5,TRUE,6,TRUE)
```

Inaondoa zilizokwisha, inapanga kwa tarehe ya kuanza, na zinazoanza siku moja inazipanga kwa herufi, A mbele. Zisizo na tarehe zinakwenda chini. Kama karatasi yako ya kwanza ina jina lingine, badilisha `Sheet1`. Hapo unaandika kwenye karatasi ya kwanza tu. Ya pili ni ya kusoma.

Nimeweka tarehe lakini hazijipangi sawasawa, au naona namba kama 45457. Kuna nini?

Namba kwanza: 45457 ni 14 Juni 2024 kwa hesabu ya ndani ya jedwali. Hakuna kilichoharibika. Chagua safu hiyo, fungua Format, kisha Number, kisha Date.

Kutojipanga ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu linajificha. Jedwali likiwa limewekwa kwa mpangilio wa Marekani linasoma mwezi kwanza. Ukiandika 7/6/2024 ukimaanisha 7 Juni, litasoma 6 Julai na halitalalamika. Ukiandika 14/6/2024 halitapata mwezi wa kumi na nne, kwa hiyo litaiacha kama maneno, na maneno hayapangwi pamoja na tarehe. Dalili iko kwenye kisanduku: tarehe inayotambuliwa hukaa upande wa kulia, maneno hukaa kushoto. Ukiona safu moja ina za kulia na za kushoto, simama. Fungua File, Settings, Locale, uchague United Kingdom, kisha ziandike upya tarehe zote, hata zile za kulia, maana baadhi yake zimeshageuzwa mwezi. Au andika 2024-06-14 tangu mwanzo. Namna hiyo haina utata.

Kazi ambazo nasubiri mtu mwingine niziweke wapi?

Zibaki kwenye kundi lake, lakini kwenye safu ya hali andika "nasubiri", jina la unayemsubiri, na siku utakayomkumbusha. Siku hiyo ndiyo inayoingia kwenye safu ya C. "Makisio ya mbao, nasubiri fundi, 7 Juni." Bila siku ya kukumbusha, kazi inakuwa mikononi mwa mtu ambaye pengine hajui kwamba anasubiriwa. Ndivyo ilivyokuwa: fundi alikuwa anasubiri dada amtumie vipimo vya ukuta, dada anasubiri makisio. Wiki tatu.

Niipitie mara ngapi?

Asubuhi, dakika tano: soma zinazoanza leo. Jumatatu, nusu saa: pita kundi moja moja na ujiulize kama kuna kundi lisilo na hatua yoyote inayofuata. Kundi la Familia liliwahi kukaa tupu wiki mbili, tukafurahi, kumbe ada na sare za muhula wa Julai zilikuwa hazijaandikwa.

Herufi zipitie wakati huo huo wa Jumatatu, usizibadilishe kila siku. Zinazobadilishwa kila siku hufuata simu ya mwisho iliyopigwa.

Kuna kazi inahama wiki hadi wiki. Niifute?

Hesabu kwanza. Kila ikihama iwekee nukta pembeni. Ikifika nukta tatu, isome tena kwa sauti uone ina kasoro gani. Mara nyingi ni moja kati ya hizi: ni mradi uliojifanya kazi, au inasubiri kitu ambacho hakijaandikwa, au huitaki tena na unaona haya kukiri. Ya mwisho ifute.

"Kupanga stoo ya vitambaa" ilikuwa na nukta saba. Dada alikuwa akiingia stoo, anatazama, anatoka. Nilipomuuliza anakwama wapi akanionyesha sakafu: bitana, vitenge na marobota ya kitambaa cha sare vyote viko chini, vimepandana, na hakuna pa kuviweka hata ukivipanga. Tukaufuta mstari ule tukaandika mwingine, "Kupima ukuta wa stoo na kumpelekea seremala vipimo vya rafu, nusu saa." Aliufanya mchana huo huo kwa futi ya kupimia nguo.